Bango la mita 12 linahitaji pikseli ngapi? Anza na umbali wa mtazamaji

*Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nimepata kazi ya kubuni bango la barabarani la mita 12 kwa 4. Kiwanda cha kuchapa kimeniambia nilete faili la 300 dpi, lakini nikilitengeneza kwa ukubwa huo kompyuta inaganda. Picha ya mteja ni pikseli 6000 kwa 4000 tu. Je, inatosha au nimwombe apige nyingine? Magari hupita hapo kwa kilomita 80 kwa saa hivi, na mteja anataka namba ya simu iandikwe chini ya bango. Nifanye hesabu gani?*

Nzuri sana, karibu. Picha uliyonayo inatosha, tena inabaki na akiba kidogo, mradi iwe kali na isiwe imebanwa ovyo. Namba ya simu ndiyo itakayokusumbua, na tutaifikia.

Tuanze na hiyo 300, maana ndiyo iliyokutia hofu. Mita 12 ni inchi 472 na kidogo. Ukiweka pikseli 300 katika kila inchi, upana wa faili unakuwa pikseli 141,700 na kimo chake 47,200. Hizo ni pikseli bilioni 6.7. Kwa rangi nne za uchapaji, faili tupu kabla hujaweka tabaka la pili linakula takriban gigabaiti 27. Faili la kawaida la PSD halipokei upande unaozidi pikseli 30,000, na JPEG haiwezi kuvuka 65,535. Kwa hiyo kompyuta yako haina kosa. Imeagizwa kazi ambayo haikupaswa kuagizwa.

Namba 300 ilitoka kwenye kitu kinachoshikwa mkononi. Jicho lenye afya, likipimwa kwa ule ubao wa herufi wa daktari wa macho, linatenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Pembe hiyo ni ileile popote unapotazama, ila ukubwa wake kwenye kitu unachokitazama hukua kadiri kitu kinavyokwenda mbali. Kwa umbali wa mita 1 ni milimita 0.29. Kwa umbali wa sentimita 30, ambao ndio watu wengi hushikia gazeti au kitabu, ni karibu milimita 0.087. Gawa inchi moja kwa milimita 0.087 na utapata pikseli 290 hivi. Hiyo ndiyo 300 yako: ni kanuni ya msomaji aliyeinamia ukurasa. Haijui lolote kuhusu dereva.

Dereva akiwa mita 30 kutoka kwenye bango, ile pembe ndogo kabisa anayoweza kuitenganisha inafunika milimita 8.7 za turubai. Pikseli mbili za milimita 4 zilizokaa bega kwa bega, kwake ni nukta moja. Ungeweza kuchapa kila pikseli kwa ukubwa wa punje ya mtama naye asijue.

Kwa mwendo huo hesabu ya msingi ni hii:

```
ukubwa wa pikseli (mm) = 0.29 × umbali (m)
ppi = 87 ÷ umbali (m)
```

Hapa ppi ni pikseli kwa inchi katika ukubwa halisi wa bango lililosimama, si katika ukubwa wa faili unalochezea mezani. Kwa mita 30 unapata 2.9. Ndiyo, pikseli tatu kwa inchi. Mtu aliyezoea kadi za biashara na vipeperushi akiiona namba hiyo hudhani nukta imekosewa mahali.

Lakini usiende ukachapa kwa 2.9. Hiyo ni mpaka, na mpaka si mahali pa kujenga. Dakika moja ya pembe ni kipimo cha jicho la kawaida, na vijana wengi wenye macho makali huona vizuri zaidi ya hapo, wengine hadi karibu nusu yake. Tena jicho lina kipaji kingine ambacho ubao wa daktari haukipimi: linagundua mstari uliovunjika au uliohama pembeni kwa kiasi kidogo mno, hata sehemu ya tano au ya sita ya dakika hiyo. Ndiyo sababu ukingo wa mshazari ulioingia ngazi-ngazi hukera hata pale ambapo huwezi kuona pikseli yenyewe. Kwa picha za kamera mimi huzidisha ule mpaka mara tatu. Mara mbili inakubalika pale picha ilipo laini, kama anga, ukuta au ngozi iliyopigwa kwa mwanga mzuri. Zaidi ya mara tatu ni uzito wa faili tu, kwa sababu hakuna atakayekiona ulichokiongeza.

Ukiingiza hiyo mara tatu ndani ya hesabu, mambo hurahisika kwa namna ya kupendeza, kwa sababu namba zote zinajikusanya karibu na elfu kumi:

```
pikseli = 10000 × ukubwa wa bango (m) ÷ umbali (m)
```

Kwa upana wako: 10000 × 12 ÷ 30 ni pikseli 4000. Kwa kimo: 10000 × 4 ÷ 30 ni 1333. Huhitaji kugeuza mita kuwa inchi, wala kuuliza dpi ya mtu. Angalia pia kinachojitokeza humo: bango peke yake halina idadi ya pikseli inayolifaa. Kinachoamua ni uwiano wa ukubwa na umbali. Bango la mita 24 linalotazamwa kutoka mita 60 linahitaji faili lilelile la bango la mita 12 linalotazamwa kutoka mita 30, kwa sababu machoni yana upana mmoja.

Sasa swali gumu: hiyo 30 nimeitoa wapi? Wewe hukunipa umbali, na hapa ndipo wabunifu wengi hukisia. Umbali unaoingia katika hesabu ya pikseli ni ule wa karibu kabisa ambao mtu bado anatazama bango kwa macho yake kawaida. Usitumie wastani, wala umbali ambao bango huanza kuonekana. Ukitosheleza wa karibu, wa mbali wote wametosheka bila kuulizwa.

Nenda hadi mahali pa bango ukapime vitu vitatu: ukingo wa chini wa bango utakuwa juu kiasi gani, nguzo zitakuwa mbali kiasi gani pembeni mwa njia ya magari, na gari likifika wapi bango linatoka kwenye kioo cha mbele. Tuchukue mfano wa kawaida. Ukingo wa chini uko mita 6 kutoka ardhini, kwa hiyo kitovu cha bango kiko mita 8. Jicho la dereva wa gari dogo liko kama mita 1.2, hivyo tofauti ya kimo ni mita 6.8. Nguzo ziko mita 15 pembeni. Dereva akibakiza mita 25 za barabara kabla ya kulifikia bango, tayari linakuwa upande wa dirisha na kichwa chake kimesharudi barabarani. Umbali wa kweli kutoka jicho hadi kitovu ni huu:

```
√(25² + 15² + 6.8²) = √896 ≈ 30 m
```

Ona kwamba kimo hakikuongeza kitu cha maana. Ukikiondoa kabisa unapata 29. Umbali wa mbele na wa pembeni ndio unaobeba hesabu, kwa hiyo usihangaike kupanda ngazi kupima nguzo, ila pima vizuri kutoka nguzo hadi njia ya magari.

Mtego uliopo ni watembea kwa miguu. Kama chini ya bango kuna kituo cha basi, mtu anaweza kukaa hapo nusu saa akilitazama kutoka mita 12, na kwake mpaka unashuka hadi milimita 3.5 kwa pikseli. Hapo amua kwa makusudi unamhudumia nani. Ushauri wangu kwa bango la barabara ya mwendo kasi ni kumpigia dereva hesabu ya mara tatu, halafu uhakikishe tu kwamba kwa yule wa kituoni hujavuka mpaka wenyewe. Mtu anayesimama chini kabisa ya nguzo akiinua shingo mwache. Anaona bango limepinda kwa pembe kali na hakuna pikseli zitakazomsaidia.

Turudi kwenye picha ya mteja. Bango lako lina uwiano wa 3 kwa 1, picha ina 3 kwa 2. Ukiijaza bango zima lazima ukate nusu ya kimo chake, na kinachobaki ni pikseli 6000 kwa 2000. Mita 12 zikigawanywa kwa 6000, kila pikseli inakuwa milimita 2, sawa na 12.7 ppi. Tulihitaji 4000, tunazo 6000. Dereva wa mita 30 anapata zaidi ya mara nne ya mpaka. Aliye kituoni mita 12 anapata karibu mara 1.7, na hilo linatosha kabisa kwa mtu asiyekuwa mteja wako mkuu.

Hali hubadilika ukikata zaidi. Tuseme mteja anasema, "Mimi nataka uso tu, ujaze kimo chote." Hapo megapikseli za kamera hazina maana tena. Hesabu pikseli za uso wenyewe. Kama katika picha hiyo uso una kimo cha pikseli 900, na unataka uchukue mita 4, kila pikseli inakuwa milimita 4.4. Tulitaka 1333, tunazo 900. Ni kama mara mbili ya mpaka kwa dereva. Mimi ningeikubali kama macho na nywele viko kwenye fokasi na picha haina chembechembe za giza, na ningeikataa kama ilipigwa usiku kwa simu. Uso ni mahali ambapo watu hutazama kwanza, na macho yaliyofifia huonekana hata na mtu asiyejua neno pikseli.

Hili linanipeleka kwenye jambo ambalo hesabu haikuonyeshi: si kila pikseli iliyo kwenye faili ni pikseli ya kweli. Picha iliyoyumba kidogo kiasi kwamba ukingo wa kope umesambaa katika pikseli nne ina ukali wa picha yenye robo ya upana wake. Kwa pikseli za milimita 2, ukungu huo ni milimita 8, na sasa umekaribia mpaka wa dereva. Fungua picha kwa asilimia 100 kwenye skrini, tafuta ukingo mkali, kama ncha ya kola au kope, uhesabu umesambaa kwa pikseli ngapi. Moja au mbili ni safi. Nne au tano, gawanya idadi ya pikseli zako kabla ya kuiingiza katika hesabu.

Ubanaji wa JPEG ni mbaya kuliko huo, kwa sababu haufanyi kazi kwa pikseli moja moja. Unagawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na ukibana sana miraba hiyo huanza kuonekana, hasa angani na kwenye mashavu. Kwenye bango lako kila mraba ungekuwa milimita 16. Piga hesabu ileile: 16 gawanya kwa 0.29 ni mita 55. Pikseli yenyewe imejificha tangu mita 7, lakini mraba wa ubanaji unaonekana kutoka mita 55! Hapo utamsikia mteja akisema bango "limetoka pikseli", naye mbunifu anaapa kwamba hesabu ilikuwa sahihi. Ilikuwa sahihi, ila faili lilikuwa limebanwa. Kwa hiyo mwombe mteja faili la asili kutoka kwenye kamera, si lile alilorushiwa kwenye kikundi cha simu, maana programu za ujumbe hupunguza pikseli na kubana kwa pamoja. Na wewe mwenyewe usihifadhi JPEG juu ya JPEG. Fanyia kazi PSD au TIFF hadi mwisho.

Je, kuikuza picha kwa programu kunasaidia? Hakuongezi chochote kilichokuwemo kwenye tukio, lakini kuna faida moja ya halali. Ukipeleka 12.7 ppi, programu ya kiwandani inayotafsiri faili kuwa matone ya wino italazimika kuijaza nafasi iliyobaki kwa njia yake, na nyingine hurudia pikseli ileile tu, ukapata vijiraba vyenye kingo kali. Ukiikuza mwenyewe hadi 25 ppi kwa njia laini, pale Image Size ya Photoshop ukichagua Bicubic Smoother, vijiraba hivyo hugeuka mteremko wa rangi na jicho halipati ukingo wa kushika. Faili linakuwa pikseli 11,800 kwa 3,940, kama megabaiti 186. Kompyuta yako itakohoa kidogo, lakini haitaganda. Zaidi ya hapo sioni sababu.

Sasa maandishi, ambayo kanuni ya elfu kumi isiyaguse kabisa. Maandishi na nembo vibaki vekta, yaani mistari inayochorwa kwa hesabu na si kwa pikseli, mpaka faili linaingia kwenye mashine. Sababu ni kile kipaji cha jicho nilichokitaja. Kwa mita 30, jicho linaweza kugundua mstari uliohama kwa milimita moja na nusu hivi. Ngazi ya pikseli yako ni milimita 2. Kwenye majani ya mti au nywele ngazi hiyo inapotea katika vurugu ya picha, lakini kwenye mguu wa mshazari wa herufi A nyeupe juu ya bluu inasimama peke yake na kila mtu anaiona. Nembo uliyoletewa kama picha ndogo kutoka kwenye tovuti ichore upya au mdai mteja faili lake la vekta. Hapo usione haya.

Na sasa namba ya simu. Pikseli ziliamuliwa na mtazamaji wa karibu kabisa. Kwa herufi mambo hugeuka, kwani huamuliwa na yule wa mbali. Herufi ikianza kusomeka mita 30 tu, dereva hana tena muda wa kuisoma.

Jicho zima linahitaji herufi yenye kimo cha dakika tano za pembe ili kuitambua, nayo ni mpaka tena, kwa herufi nyeusi juu ya nyeupe na mtu aliyetulia. Kwa dereva tumia kipimo kinachofanana na kile cha alama za barabarani za Marekani, ambako inchi moja ya herufi huhesabiwa kusomeka kwa futi 30. Kwa mita ni hivi:

```
kimo cha herufi (mm) = 2.8 × umbali (m)
```

Ukitaka kichwa cha tangazo kianze kusomeka mita 150, herufi ziwe na kimo cha milimita 420. Kwenye bango la mita 4 hilo linawezekana vizuri. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka mita 150 hadi 30 dereva ana sekunde tano na nusu, akizigawa kati ya bango lako na barabara. Maneno sita au saba yanaingia hapo.

Mteja wako anataka namba "chini ya bango", na kwa uzoefu wangu chini humaanisha ndogo. Tuseme inapewa milimita 150. Gawa kwa 2.8: itaanza kusomeka mita 54. Kutoka hapo hadi mita 30 ni mita 24, sekunde moja na nukta. Tarakimu kumi kwa sekunde moja, mtu ameshika usukani! Hata ungechapa kwa zile 300 za kiwanda, namba hiyo ingebaki urembo. Mwonyeshe mteja hesabu hiyo kwa maandishi, na umpe uchaguzi: ama namba ikuzwe ichukue nafasi ya sentensi nzima, ama iondoke na jina la biashara likuzwe badala yake, ili mtu alitafute baadaye. Mimi ningeiondoa. Kama kuna kituo cha basi pale chini basi ibaki, lakini ujue unamwandikia abiria, si dereva.

Kuhusu kiwanda, usigombane nao. Waulize swali moja: "300 hiyo ni kwa kipimo gani?" Mabango makubwa kwa kawaida hutengenezwa kwa kipimo cha 1:10, na mara nyingi anayepokea simu huitaja namba bila kutaja kipimo. Bango lako kwa 1:10 ni milimita 1200 kwa 400. Weka 300 hapo na unapata pikseli 14,170 kwa 4,720, faili la megabaiti 270 hivi, mara mia moja dogo kuliko lile lililokukwamisha. Likikuzwa mara kumi ni 30 ppi, na hata hiyo imezidi mahitaji yako zaidi ya mara tatu. Wakikubali 150 kwa 1:10, pokea kwa mikono miwili.

Kipimo cha 1:10 kina faida nyingine pia. Ukurasa wa PDF wa kawaida una kikomo cha inchi 200, yaani mita 5.08, kwa hiyo bango la mita 12 haliingii humo kwa ukubwa halisi bila mbinu za ziada. Andika kipimo kwenye jina la faili na ndani ya ujumbe, maana faili la 1:10 lililochukuliwa kuwa ukubwa halisi limewahi kutoa mabango ya kuning'iniza mlangoni. Na unapoangalia Effective PPI kwenye orodha ya Links ndani ya InDesign, kumbuka kugawa kwa kumi: picha yako ya pikseli 6000 itasomeka 127, maana yake 12.7 likishasimama. Ukingo wa ziada wa kukunjia turubai nao hupunguzwa mara kumi. Wakitaka sentimita 10 kila upande, wewe unaongeza sentimita 1.

Kitu kimoja kinachochanganya watu hapo kiwandani: mashine inaweza kuwa imeandikwa 720 au 1440 dpi. Hizo ni nukta za wino, na mashine inazihitaji nyingi kwa sababu inatengeneza kila rangi kwa kuchanganya nukta ndogo za rangi chache. Haimaanishi kwamba faili lako linatakiwa kuwa na pikseli 720 kwa inchi. Bango la 12 ppi huchapwa kwenye mashine hiyohiyo bila shida.

Kabla hujalipia turubai, fanya jaribio hili, ambalo gharama yake ni karatasi moja. Kata kipande cha faili lako chenye kitu muhimu, kama jicho na nyusi, chenye ukubwa wa karatasi ya A4 katika ukubwa halisi wa bango. Kwa pikseli za milimita 2, hicho ni kipande cha pikseli 148 kwa 105 tu. Kichape kijaze ukurasa mzima. Mkononi kitatisha, utaona vijiraba vitupu. Kibandike nje ukutani, pima mita 30 kwa hatua, ugeuke utazame. Kisha sogea mbele polepole mpaka uanze kuona vijiraba, na usimame hapo upime umebakiza mita ngapi. Kwa macho ya kawaida itakuwa mahali fulani kati ya mita 5 na 14, na umbali huo ndio unaokuonyesha akiba yako. Kama mteja ana wasiwasi, mpeleke na yeye. Usimtumie picha ya kipande hicho kwenye simu, kwani ataitazama kutoka sentimita 30 na mtaanza upya ubishi wa 300.

Mteja akibadili mawazo akataka bango la kidijitali la taa, hesabu inageuka kidogo kwa sababu pikseli sasa ni taa zilizofungwa na hazibadiliki. Skrini ya P10 ina milimita 10 kutoka taa hadi taa, kwa hiyo mita 12 kwa 4 ni pikseli 1200 kwa 400 kamili. Tengeneza faili la ukubwa huohuo hasa, bila kuzidisha wala kupunguza, kwa kuwa chochote cha ziada kitabanwa na kidhibiti cha skrini na herufi nyembamba ndizo zitakazoumia kwanza. Milimita 10 hujificha kuanzia mita 34 hivi, maana yake kwa dereva wa mita 30 taa ziko palepale mpakani. Picha atazivumilia, lakini herufi ziwe na miguu minene ya taa tatu au zaidi, na mshazari uwe mdogo kadiri unavyoweza. Mteja akiwa na fedha ya P6, mita 12 zinakuwa pikseli 2000 na mpaka unashuka hadi mita 21. Kwa sehemu kama yako ningemshauri achukue hiyo kuliko kuongeza ukubwa wa skrini.